Dakika Ishirini za Buguruni

Tangazo lile nililipiga chapa mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, asubuhi ya Jumatatu moja, na nilipolitoa kwenye mashine nililisoma mara mbili nione kama nimekosea herufi. Herufi zilikuwa sawa zote. Ndiyo maana hadi leo nikilikumbuka moyo unanichemka. Ningekuwa nimekosea herufi ningejisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani katika ofisi ya ratiba ya shirika la mabasi ya mjini. Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya kwanza ya jengo lililotaifishwa, ngazi za mbao, feni moja iliyokuwa ikizunguka siku ikipenda. Tulikuwa watu watatu: mimi, mzee mmoja wa mafaili aliyekuwa karibu kustaafu, na mkuu wetu wa ratiba. Mkuu alikuwa amesomea nje kozi ya miezi tisa, na hakuna aliyeruhusiwa kuisahau hiyo miezi tisa. Alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya majivu, kalamu tatu mfukoni, na kila sentensi yake ilianza na "kitaalamu".

Nilikaa Buguruni kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi. Yeye ndiye aliyenitoa kwetu kusini, akanisomesha hadi kidato cha nne kwa kazi yake ya kushona sare katika kiwanda kilichokuwa Mnazi Mmoja. Tulikuwa na chumba kimoja na baraza, na bomba la maji la nyumba kumi na mbili. Mama mdogo aliamka alfajiri, akaswali, akapanga foleni bombani, akarudi na ndoo, akaoga, kisha huyo kituoni. Siku foleni fupi alifika kituoni mapema, siku foleni ndefu alichelewa kidogo, lakini hakuvuka saa moja kasoro dakika kumi. Kazini waliingia saa moja na nusu. Kwa miaka sita hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Njia ya Buguruni kuja mjini ilikuwa na mabasi sita. Basi moja liliondoka kila baada ya dakika kumi, likisimama kila kituo, na hadi Mnazi Mmoja lilitumia dakika ishirini na nane. Hata ukifika kituoni basi limeondoka sasa hivi, unaliona mgongo, lingine linakuja baada ya dakika kumi. Kumi na ishirini na nane ni thelathini na nane. Mama mdogo akifika kituoni saa moja kasoro kumi, siku mbaya kuliko zote angeshuka Mnazi Mmoja saa moja na dakika ishirini na nane. Hesabu hiyo hakuipiga, lakini miguu yake iliijua.

Kisha mabasi yakaanza kufa. Matairi hakuna, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna. Katika sita yakabaki mawili. Hilo sikumlaumu mtu. Nchi nzima ilikuwa inakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na kupanga foleni ya sabuni, na watu walivumilia, kwa sababu waliambiwa kweli: hakuna. Lau shirika letu lingewaambia watu wa Buguruni, "Jamani, mabasi yamebaki mawili, tuvumiliane," wangeguna, wangetukana kidogo, wangevumilia.

Mkuu wetu hakutaka kusema hivyo. Asubuhi hiyo ya Jumatatu aliingia na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akaiweka mezani kwangu akitabasamu.

"Piga hii kwenye stensili. Nakala mia mbili. Ziende viwandani, maofisini, kwa mabalozi wa nyumba kumi."

Karatasi ilisema kwamba shirika, katika jitihada zake za kuwahudumia wafanyakazi na wakulima, limeanzisha basi la moja kwa moja kutoka Buguruni. Halitasimama njiani isipokuwa Kariakoo na Mnazi Mmoja. Litaondoka kila baada ya dakika thelathini. Na chini, kwa herufi kubwa: SAFARI YA BUGURUNI HADI MNAZI MMOJA SASA NI DAKIKA ISHIRINI BADALA YA ISHIRINI NA NANE.

Nililipiga. Nikasoma mara mbili. Halafu nikanyanyua uso.

"Samahani, mkuu. Hizi dakika ishirini zinaanza wapi?"

"Zinaanza vipi?"

"Tunaanza kuhesabu wakati gani?"

"Basi linapoondoka. Kitaalamu safari huanza gari linapoondoka."

"Na abiria aliyesimama kituoni anasubiri?"

"Huyo hajasafiri bado."

Alisema hivyo, na akaondoka na chai yake. Hajasafiri bado! Nilibaki nimeshika karatasi. Nikachukua penseli nikaandika nyuma ya stensili iliyoharibika. Basi likiondoka kila baada ya dakika kumi, na watu wanafika kituoni wakati wowote tu bila kujua la mwisho limeondoka saa ngapi, kuna atakayelidaka mlangoni na kuna atakayesubiri zote kumi. Kwa wastani mtu anasubiri nusu ya pengo, dakika tano. Tano na ishirini na nane ni thelathini na tatu. Basi likiondoka kila baada ya thelathini, nusu yake ni kumi na tano. Kumi na tano na ishirini ni thelathini na tano. Yaani tumewapunguzia watu dakika nane ndani ya basi, tukawaongezea kumi nje ya basi, halafu tunawapelekea tangazo washangilie. Safari imerefuka kwa dakika mbili, nasi tunaiita imefupika kwa nane.

Nilimpelekea mkuu hesabu hiyo. Aliitazama muda mfupi sana.

"Binti, wewe ni karani. Kupiga chapa ndiyo kazi yako. Nakala mia mbili."

Nikazizungusha nakala mia mbili kwenye mashine ya saiklostaili. Naandika hivi kwa aibu. Ningeweza kukataa, sikukataa. Mwezi ulikuwa katikati, mama mdogo alikuwa ananitegemea nami namtegemea, na niliona ni karatasi tu.

Baada ya wiki tatu mama mdogo alirudi nyumbani jioni akakaa barazani bila kuvua kanga ya kichwani. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. Alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa barua ya onyo, ya pili. Ya kwanza alinificha. Ilisema amechelewa kazini bila sababu, na akirudia mara ya tatu atafikishwa mbele ya kamati ili aachishwe.

"Umechelewa mama? Wewe?"

"Nimefika saa moja na dakika thelathini na nane. Nilifika kituoni saa moja kasoro kumi, kama siku zote. Likawa limeondoka muda si mrefu. Nikasimama hadi miguu ikafa ganzi." Akaikunja ile barua. "Meneja kaniuliza mbele ya watu wote, 'Safari dakika ishirini. Umetoka kituoni saa moja kasoro kumi, ulitakiwa uwe hapa saa moja na dakika kumi. Hizo dakika ishirini na nane ulikuwa wapi?' Nikamwambia nilikuwa nasubiri basi. Akacheka. Akasema, 'Ulikuwa foleni ya sukari.' Mimi, mwanangu! Mbele ya wasichana niliowafundisha kushika sindano!"

"Hizo dakika ishirini kazitoa wapi?"

"Kuna tangazo lenu limebandikwa pale kwenye ubao, karibu na mashine ya kupigia kadi."

Tangazo letu. Nililala usiku ule nimeangalia ukuta.

Mara ya tatu ilikuja kabla mwezi haujaisha. Safari hii alichelewa dakika nne. Kiwanda kikaitisha kamati ya wafanyakazi, wiki moja mbele, ajadiliwe.

Niliomba likizo ya siku tano nikidai naumwa na tumbo. Kila alfajiri nilikwenda kituo cha Buguruni kumwona mtunza saa wetu. Alikuwa mzee mwembamba, mtu wa Masasi, mwenye saa ya mfukoni na daftari gumu. Kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi basi liondoke na kuandika saa liliyoondoka. Nilimweleza shida yangu.

"Huyo mama wa sare?" akauliza. "Yule anayenisalimia kila siku? Huyo hachelewi. Anayechelewa ni sisi."

Akanifungulia daftari. Kila asubuhi pengo lilikuwa lile lile, thelathini, thelathini, thelathini. Mzee yule hakuwa na mchezo na filimbi yake. Lakini saa zenyewe zilihama. Basi la kwanza lilipotoka karakana mapema, mfululizo wote uliwahi. Lilipokosa betri likasukumwa, mfululizo wote ulisogea mbele. Leo saa moja kasoro dakika kumi na mbili, kesho saa moja na dakika tatu, keshokutwa saa moja kasorobo. Kwa hiyo hata mwenye saa ya mkononi asingejua aje lini. Ilikuwa bahati nasibu.

"Kwa nini hamwandiki ubaoni litaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Niliomba. Mkuu wako alisema tukiandika, watu watatushika nalo."

Watatushika nalo! Nilichukia. Yaani tulijua. Tuliwanyima watu saa ili wasije wakatudai saa, kisha kiwandani wao ndio waliodaiwa.

Siku hizo tano nilisimama pembeni na daftari la shule. Kila aliyefika kituoni nilimwandika kwa alama: kanga ya njano, kikapu, kofia ya mkeka, dakika aliyofika, dakika aliyopanda. Wanaume wa gereji, mama wa samaki, wanafunzi, manesi wawili. Wengine walinicheka wakidhani mimi ni mtu wa sensa. Nilipofikisha watu mia nikajumlisha na kugawa. Wastani ukaja dakika kumi na nne na ushei. Kumi na tano yangu ya penseli haikuwa mbali. Na hao ni wale waliopata nafasi ya kupanda la kwanza; waliobaki nje kwa sababu basi limejaa sikuwatia humo, nisije nikaambiwa nimepika hesabu.

Niliona jambo jingine pia, nalo lilinichoma kuliko wastani. Basi lilipofika mwisho wa safari lilizimwa likakaa dakika kumi kabla ya kurudi. Mjini kumi, Buguruni kumi. Dereva amekwishakunywa maji, kondakta amekwishahesabu tiketi, abiria wamejaa ndani wanajipepea, na basi limezima. Ndivyo ratiba ilivyosema. Ishirini kwenda, kumi kukaa, ishirini kurudi, kumi kukaa: dakika sitini. Mabasi mawili katika mzunguko wa sitini, basi moja kila thelathini.

"Hizi kumi za nini, mzee?" nikauliza.

"Zamani safari ilikuwa ishirini na nane, tukikaa mbili. Wakapunguza safari, dakika nane wakazitia kwenye kukaa. Nilidhani wamesahau."

Hawakusahau. Hawakujali. Maana wangekaa dakika nne tu kila upande, mzunguko ungekuwa arobaini na nane, na mabasi yale yale mawili, bila tairi moja la kuongeza, yangeondoka kila dakika ishirini na nne. Nusu ya ishirini na nne ni kumi na mbili. Kumi na mbili na ishirini ni thelathini na mbili, pungufu kwa dakika moja kuliko enzi za mabasi sita! Basi la moja kwa moja lilikuwa wazo zuri kabisa. Aliyelitoa alipima gurudumu, akasahau mtu.

Siku ya kamati nilimsindikiza mama mdogo. Alivaa gauni lake la Idi. Chumba kilikuwa cha stoo, marobota ya kitambaa cha khaki yamepangwa ukutani, meza moja ndefu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkata nguo, mwanamume mnene mpole kutoka Kilimanjaro, mkasi wake mkubwa uko mezani mbele yake kama rungu la spika. Wajumbe walikuwa watano. Meneja alikaa upande mwingine, na tangazo letu analo mkononi. Alilibandua ubaoni kwa ajili ya siku ile.

Alisoma kwa sauti. Dakika ishirini. Akasema yeye hana ugomvi na mama huyu, lakini kiwanda ni mali ya umma na muda wa umma si wa kuchezea.

Mwenyekiti akamgeukia mama mdogo. "Ndugu, una la kusema?"

"Mimi nilikuwa kituoni. Mwanangu ataeleza, yeye anafanya kazi huko mabasini."

Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, tangazo hilo nimelipiga chapa mimi."

Meneja akatabasamu, akidhani nimekuja upande wake.

"Basi utatuthibitishia," akasema. "Safari ni dakika ishirini, siyo?"

"Ni ishirini basi likishaondoka. Kabla ya hapo mtu anasubiri. Linaondoka kila baada ya dakika thelathini. Imeandikwa hapo hapo, mstari wa juu."

"Wengine hawasubiri kabisa," akasema meneja. "Wanafika, wanapanda."

"Kweli. Na kwa kila mmoja wa hao yuko mwingine. Chukua mtu aliyefika dakika moja kabla basi halijaondoka: anasubiri moja. Chukua mwingine aliyefika dakika moja baada ya kuondoka: anasubiri ishirini na tisa. Wawili hao pamoja ni thelathini, kila mmoja kumi na tano. Aliyefika dakika mbili kabla, na aliyefika mbili baada: mbili na ishirini na nane, tena thelathini. Nenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mwenye bahati ana mwenzake mwenye balaa. Ndiyo maana kwa wastani ni kumi na tano."

Mjumbe mmoja, mwanamke wa idara ya vifungo, alikuwa anahesabu kwenye vidole. "Ni kweli," akasema kwa sauti ya mshangao. "Zinajaa thelathini."

"Kwa hiyo safari ya mtu, kutoka kufika kituoni hadi kushuka, kwa wastani ni thelathini na tano," nikasema. "Si ishirini."

Meneja hakuwa mjinga. Akaegemea mbele.

"Sawa. Thelathini na tano. Mama anasema alifika kituoni saa moja kasoro kumi. Ongeza thelathini na tano. Saa moja na dakika ishirini na tano. Kazi inaanza na nusu. Amewahi! Kwa hesabu yako mwenyewe, binti, amewahi. Sasa mbona alichelewa?"

Nilisikia mtu akiguna nyuma yangu. Mama mdogo aliniangalia. Nami hasira ilinipanda hata woga ukanitoka.

"Ndugu meneja, wastani ni wa kulipima shirika. Si wa kumpima mtu asubuhi moja. Wastani wa kumi na tano maana yake nusu ya siku zake zote atasubiri zaidi ya hapo. Siku basi limeondoka mbele ya macho yake atasubiri zote thelathini. Thelathini na ishirini ni hamsini. Kutoka saa moja kasoro kumi, hamsini ni saa moja na dakika arobaini. Yeye alifika na thelathini na nane. Zamani siku yake mbaya ilikuwa dakika thelathini na nane za safari nzima, na aliwahi. Sasa siku yake mbaya ni hamsini. Hakubadilika yeye. Tumebadilika sisi, tukaandika tangazo, nawe ukalisoma nusu."

Nikaweka mezani nakala ya daftari la mtunza saa kwa siku zile tatu za maonyo, naye mzee alikuwa ametia sahihi. Kila siku basi lilikuwa limeondoka dakika chache kabla ya saa moja kasoro kumi, na lililofuata ndilo alilokuja nalo.

Mwenyekiti alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. Alichukua muda. Kisha akaninyooshea tangazo.

"Kwa hiyo karatasi hii inasema uongo?"

"Haisemi uongo, ndugu mwenyekiti. Ila inaanza kuhesabu watu wakiwa tayari wamechoka."

"Na nyie mlijua?"

Swali hilo sikuwa nimelitarajia. Nikajibu, "Ndiyo. Mimi nilijua."

Mama mdogo akashusha macho. Mwenyekiti akavua miwani, akasema maonyo yote matatu yafutwe, tangazo lisirudi ubaoni, na kamati imwandikie barua mkurugenzi wa shirika la mabasi na kuambatanisha hesabu zangu pamoja na pendekezo la dakika ishirini na nne. Meneja aliuliza kama sasa mama huyu anatakiwa aruhusiwe kuchelewa atakavyo. Mwenyekiti akamjibu, "Anatakiwa aombwe radhi. Hilo halimo katika madaraka yangu, lingekuwemo ningeliandika."

Radhi haikuombwa. Meneja alitoka bila kumtazama. Mama mdogo alirudi kwenye cherehani yake saa ile ile, na gauni la Idi mwilini, akashona hadi jioni.

Barua ya kamati ilifika Mchafukoge baada ya wiki. Mkuu aliniita, akafunga mlango.

"Ulikuwa mgonjwa wa tumbo."

"Nilidanganya, mkuu."

"Umetoa siri za shirika nje."

"Saa za basi ni siri?"

"Kitaalamu, ndiyo! Nyaraka za ndani! Unajua hii inaitwa nini? Hujuma. Kuna watu wamefungwa kwa chini ya hapa."

"Mkuu, hesabu nilikuletea wewe kwanza. Ungesema ni wapi nimekosea."

Hakusema ni wapi nimekosea. Mpaka leo hajasema. Aliandika barua ya kunihamishia stoo ya vitu vilivyosahauliwa mabasini, kule karakana, nikatunze miavuli na viatu vya mguu mmoja. Mzee wa mafaili alinisaidia kubeba kikombe changu na kanga ya kufutia meza. Ngazini alininong'oneza, "Umesema kweli, mwanangu," na nikatamani kumwuliza kwa nini yeye hakuisema, miaka yote hiyo aliyokaa na mafaili. Lakini na mimi nilikuwa nimezungusha nakala mia mbili.

Miezi miwili baadaye mtunza saa wa Buguruni alikuja stoo, ameleta kikapu kilichosahauliwa, akanipa na karatasi iliyokunjwa. Lilikuwa tangazo jipya. Shirika, katika jitihada zake zisizokoma, sasa litaondosha basi la Buguruni kila baada ya dakika ishirini na nne, na muda wa kukaa mwisho wa safari umepunguzwa. Chini, herufi kubwa: SAFARI PAMOJA NA KUSUBIRI, KWA WASTANI, NI DAKIKA THELATHINI NA MBILI. Sahihi ilikuwa ya mkuu wetu. Mtunza saa aliniambia mkurugenzi amempongeza kwa barua, kwa ubunifu.

"Na mimi?" nikauliza, kama mtoto.

"Wewe hukutajwa. Ila ubao wa saa nimeruhusiwa kuuweka. Kila asubuhi basi la kwanza likifika, naandika kwa chaki saa za yote yanayofuata. Watu wanasoma, wanakwenda kununua vitumbua, wanarudi."

Nilimwambia hata hivyo siku mbaya bado ni dakika arobaini na nne, mbaya kuliko enzi za mabasi sita, na hilo tangazo halikulisema. Akatikisa kichwa. Akasema anajua, na kwamba ndiyo sababu ya chaki.

Nilikaa stoo ile karibu miaka miwili, kisha nikaomba kwenda chuo cha ualimu, nikakubaliwa. Mama mdogo aliendelea kushona sare. Aliniambia mara moja tu kuhusu siku ile, tukiwa tunachambua mchele barazani. Alisema kufukuzwa hakukumtisha kama alivyofikiri kungemtisha. Kilichomuuma ni kuulizwa alikuwa wapi.

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Mtu mzima, nimesimama mahali nilipoambiwa nisimame, nasubiri kitu nilichoambiwa kinakuja. Halafu ananiuliza nilikuwa wapi."

Kila asubuhi, mpaka meneja yule alipohamishiwa mkoani, mama mdogo alipita mbele ya mlango wake akiwa amewahi, na hakumsalimia.